Tangu Siku Gani?

Sera yenyewe ilikuwa na kurasa 31. Wakili aliiandika, mkurugenzi akaitia saini, ikapigwa muhuri, ikatiwa kwenye jalada la plastiki la buluu na kuwekwa juu ya kabati la masijala. Hapo ikakaa miezi 8. Nilipoitwa kwenye kiwanda hicho cha mikate, nje kidogo ya mji wa Mombasa, kazi niliyopewa ilitajwa kwa maneno machache: ifupishe hii, makarani waweze kuitumia. Karani mkuu wa masijala, mama wa makamo ambaye kiwanda kizima humwita Bi Mkubwa, alinikaribisha kwa chai ya tangawizi, kisha akanionyesha sentensi moja aliyoipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ilisema kwamba taarifa za mtu zitahifadhiwa kwa muda usiozidi ule unaohitajika kwa madhumuni yaliyokusudiwa.

"Nisomee tena, mwanangu," akasema. "Halafu uniambie huo muda unaohitajika unaisha Januari au Agosti."

Sikuwa na jibu, na sera nayo haikuwa nalo. Wakili hakuwa amekosea. Sentensi ile ameitoa karibu neno kwa neno katika kifungu cha 39 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na sheria ina sababu ya kutotaja miaka. Inawahusu kwa pamoja hospitali, Sacco, shule, hoteli na kiwanda cha mikate, na hakuna idadi moja ya miaka inayowafaa wote hao. Ndiyo maana kanuni zilizotungwa mwaka 2021 chini ya sheria hiyo zinamwachia kila mwenye kushika data za watu atengeneze ratiba yake mwenyewe: anahifadhi nini na kwa nini, kwa muda gani, ataikagua lini, na baada ya ukaguzi atafanya nini. Hiyo ratiba ndiyo iliyokosekana. Kurasa 31 zilieleza kwamba itakuwepo.

Watu wengi wakiambiwa watengeneze ratiba ya kuhifadhi, hukimbilia idadi ya miaka. Wanaandika "mafaili ya wafanyakazi, miaka 5", wanaandika "hati za mishahara, miaka 5", wanaona wamemaliza. Bi Mkubwa aliuangalia mstari wa kwanza wa rasimu yangu, akanyanyua faili la juu kabisa kwenye lundo lililokuwa mezani kwake, akauliza: "Miaka 5 tangu siku gani?" Tangu mtu alipoajiriwa? Tangu karatasi ilipoandikwa? Tangu alipoacha kazi? Mtu aliyefanya kazi miaka 22 ana mkataba wenye umri wa miaka 22, na karani anayesoma "miaka 5" bila siku ya kuanzia anaweza kuutia kwenye mashine ya kukatakata karatasi mwenye mkataba yuko chini anakanda unga.

Kwa hiyo tuliacha kuzungumzia miaka, tukafungua faili moja.

Tuliite 0417. Ni la mwokaji wa zamu ya usiku aliyeacha kazi tarehe 30 Juni 2019. Lilikuwa nene kama msahafu, limefungwa kwa kamba ya kijani. Ndani yake, bila mpangilio wowote isipokuwa tarehe za kuingia, mlikuwa na barua ya kuomba kazi, nakala ya kitambulisho, mkataba, fomu ya jamaa wa karibu, vyeti vya afya vya kila miezi 6 ambavyo washika chakula hutakiwa kuwa navyo, fomu za likizo, karatasi za daktari za siku za ugonjwa, barua mbili za onyo, nakala za hati za mshahara, fomu ya ajali ya mkono ulioungua, na picha ya harusi ambayo hakuna aliyejua imefikaje humo.

Kosa la kwanza la rasimu yangu lilionekana palepale. Faili ni kifungashio tu. Kinachohifadhiwa ni kumbukumbu zilizomo, na kila moja ina saa yake inayoanza kwa tukio lake. Tukazitandaza mezani, tukaanza kuuliza swali moja kwa kila karatasi: ni tukio gani linaloianzishia hesabu?

Kwa mkataba, jibu liko katika Sheria ya Ajira ya 2007. Mwajiri anatakiwa atunze maelezo ya ajira ya maandishi, yaani jina, kazi, tarehe ya kuanza, mshahara, saa, likizo na mengineyo ya kifungu cha 10, kwa miaka 5 baada ya ajira kuisha. Tukio ni kuacha kazi. Kwa hati za mshahara, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inadai miaka 5 pia, lakini saa yake haiangalii mtu ameacha kazi lini. Inaanza kipindi husika cha kodi kinapoisha. Hati ya mshahara ya Machi 2011 ya mwokaji huyu ilikwisha muda wake kwa upande wa kodi alipokuwa bado kazini, na ile ya Juni 2019 ilikuwa na safari ndefu mbele yake. Zote mbili zilikuwa zimebanwa kwa pini moja. Nakala za mhasibu, kwa ajili ya hesabu za kampuni, ni habari nyingine na zina ratiba yake huko uhasibu. Hizi za kwenye faili zilikuwa za ziada tu.

Mkurugenzi alipopita na kuona karatasi zimetandazwa, alishauri tuandike miaka 7 kwa kila kitu tulale salama. Wengi husema hivyo, na wengine husema 6 kwa sababu wamesikia kwamba madai ya mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Ni kweli kwa mikataba kwa jumla. Madai yanayotokana na ajira yana muda wake mfupi zaidi katika Sheria ya Ajira, miaka 3, na miaka 5 ya kutunza maelezo tayari imeimeza. Miaka 2 ya nyongeza isiyo na sababu haimlindi mtu. Inaongeza tu idadi ya vitambulisho vya watu vinavyokaa kwenye kabati ambalo kufuli lake hufunguka kwa msumari, na kifungu cha 39 kitakapouliza kwa nini bado vipo, jibu la "kulala salama" halimo miongoni mwa majibu yanayokubalika.

Baada ya tukio ikaja hesabu yenyewe, na hapa Bi Mkubwa ndiye aliyekuwa mwalimu. Masijala haiwezi kuteketeza karatasi kila siku mtu anapotimiza miaka 5. Wafanyakazi wanaacha kazi Februari, Juni, Oktoba, na hakuna karani atakayekaa akihesabu siku. Alichopendekeza ni kwamba kila hesabu ianze tarehe 31 Desemba ya mwaka ambao tukio lilitokea. Mwokaji wetu aliacha kazi Juni 2019, basi saa yake inaanza 31 Desemba 2019, miaka 5 inatimia 31 Desemba 2024, na karatasi zinatoka Januari 2025, mwezi ambao masijala hufanya kazi hiyo tu. Hati za mshahara wa mwaka wake wa mwisho zinaangukia Januari ileile, na fujo ya miezi inapotea. Sheria ya Ajira inataka miaka 5 itimie, nasi tumeitimiza. Sheria ya Data inataka tusizidishe bila sababu, na miezi 6 ya kusubiri zoezi la mwaka ni sababu inayoweza kuandikwa na kutetewa. Kuvuta mbele hadi mwisho wa mwaka kunakubalika. Kurudisha nyuma hadi mwanzo wa mwaka ni kuteketeza kabla ya wakati.

Na tarehe hiyo huhesabiwa mara moja tu, siku faili linapofungwa. Karani huandika kwenye jalada, kwa kalamu ya wino mzito: LITOKE JANUARI 2025. Atakayelitoa huenda ni karani mwingine kabisa, hajui historia yoyote, na hatakiwi kuijua.

Kwenye vyeti vya afya tukakwama, maana hatukupata sheria iliyosema vikae miaka mingapi baada ya kipya kuletwa. Sera ilisema "kwa kuzingatia mahitaji ya idara husika". Nakumbuka nilicheka, kwa sababu idara husika ilikuwa mimi na Bi Mkubwa na birika la chai. Sheria inaponyamaza, lazima mtu mwenye cheo aamue, aandike sababu, na atie saini. Karani hawezi kuachiwa mzigo huo. Meneja wa wafanyakazi aliamua kwamba cheti kikae hadi 31 Desemba ya mwaka unaofuata ule kilipokwisha, ili mkaguzi wa afya akija aone mfululizo wa vyeti usio na pengo, kisha kiondoke. Sababu hiyo iliandikwa mistari miwili chini ya jina lake. Mwakani akiona ameikosea, ataibadilisha yeye.

Karatasi za waombaji kazi waliokataliwa zilileta mabishano marefu zaidi. Kulikuwa na masanduku 4 ya hizo. Makarani walitaka yatoke yote wiki hiyo. Lakini mtu aliyenyimwa kazi anaweza kulalamika kwamba alibaguliwa, kwa kuwa Sheria ya Ajira inamkinga hata anayeomba tu, na kiwanda kikikosa ushahidi wa jinsi kilivyochagua, kitasimama mahakamani mikono mitupu. Ushahidi huo ni karatasi moja ya alama za usaili na orodha ya waliochujwa, basi. Nakala za vyeti vya shule, vitambulisho na picha za pasipoti hazithibitishi haki yoyote. Tukazitenganisha: alama na orodha zikae miaka 3 tangu nafasi ijazwe, nyingine zote zitoke miezi 6 baada ya nafasi kujazwa. Katika masanduku 4, karatasi zilizobaki zilitosha nusu ya bahasha moja kubwa.

Kinyume chake, kuna karatasi ambayo miaka 5 haikuitosha. Vumbi la unga, likivutwa miaka mingi, huwaletea baadhi ya waokaji ugonjwa wa kifua unaojulikana kabisa katika kazi hiyo, pumu ya waokaji. Anayeipata huenda asijue imetoka wapi mpaka muda mrefu upite. Vipimo vya kifua vya wafanyakazi na kumbukumbu za nani alifanya kazi chumba cha kukandia ni vitu ambavyo mtu huyo atavihitaji akija kudai haki yake, na kiwanda nacho kitavihitaji kujieleza. Tukivikata pamoja na mkataba, tumewadhulumu wote wawili. Karatasi hizo zikapewa faili lake, rangi yake, na muda mrefu zaidi uliotiwa saini na mkurugenzi mwenyewe pamoja na sababu. Ratiba nzuri huwa na sehemu kama hiyo isiyolingana na nyingine. Nikiona ratiba ambayo kila mstari una namba ileile, huwa najua aliyeiandika hakufungua faili hata moja.

Sasa, kwa nini makarani huogopa kuteketeza? Nilimuuliza Bi Mkubwa, naye hakutaja sheria yoyote. Alitaja wazee. Kila mwezi huja mtu aliyeacha kazi zamani, anataka barua ya kuthibitisha kwamba alifanya kazi pale, kwa ajili ya mafao au kazi mpya. Asipopata, hulia pale dirishani. Kwa hofu hiyo moja, masijala ilikuwa imehifadhi miaka 30 ya karatasi za daktari na barua za onyo. Dawa yake ikawa kadi nyembamba: jina, namba ya mfanyakazi, tarehe ya kuzaliwa, kazi aliyofanya, siku aliyoanza, siku aliyoacha. Haina mshahara wala ugonjwa wala onyo. Hiyo hukaa mpaka mwenyewe atimize umri uliotajwa kwenye ratiba, nayo yatosha kumwandikia barua. Faili 0417 likishapungua hivyo, kilichobaki ni kadi ya ukubwa wa kiganja.

Kabla ya kitu chochote kutoka Januari, kuna kituo kimoja. Faili lenye kesi, malalamiko yaliyo wazi, uchunguzi au madai ya bima hubandikwa karatasi nyekundu: SIMAMISHA, pamoja na tarehe na jina la aliyeagiza. Haliguswi hata kama tarehe yake imepita, mpaka aliyeagiza aibandue kwa maandishi. Katika sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, faili liliteketezwa kwa kufuata ratiba barabara, wiki 3 baada ya barua ya wakili kupokelewa. Barua ilikuwa imefika mapokezi na kupelekwa kwa mkurugenzi, na masijala hawakuambiwa. Mbele ya hakimu, hakuna anayeamini kwamba ilikuwa bahati mbaya. Tangu hapo kila kadi ninayoiandika ina mstari unaomtaka anayepokea barua za wakili apige simu masijala siku hiyohiyo.

Na kuteketeza ni lazima kuguse nakala zote. Tulipotafuta 0417 tuliikuta kwenye folda ya skana, kwenye droo ya msimamizi wa zamu, na fomu ya ajali ikiwa picha kwenye simu ya mtu, imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la zamu. Rejesta ya uteketezaji huandikwa namba ya faili, aina ya karatasi, tarehe, na saini za watu wawili. Yaliyokuwemo hayaandikwi. Nimewahi kuona rejesta iliyonakili kwa uaminifu kila ugonjwa uliokuwa kwenye karatasi zilizochomwa.

Sheria inaruhusu pia, badala ya kuteketeza, kuondoa utambulisho wa mtu. Makarani hulielewa hili kama kupaka jina wino mweusi. Ukiinua karatasi hiyo dirishani, jina linasomeka. Na hata lisiposomeka, kama kiwanda kina mwanamke mmoja tu kwenye zamu ya usiku, "mwokaji wa kike, zamu ya usiku, ameungua mkono" ni jina lake kamili. Tulichobakiza kwa takwimu ni hesabu tu: ajali ngapi, mwaka gani, mashine ipi.

Upande wa nani aone nini, sera ilikuwa na kurasa 6 na neno "walioidhinishwa" mara nyingi mno. Karani aliyesimama dirishani hawezi kumtambua aliyeidhinishwa kwa uso. Anachoweza kutambua ni cheo na swali analoulizwa. Tukaanzia kwenye maswali. Msimamizi wa zamu anauliza nini hasa anapotaka faili la mtu aliyekuwa mgonjwa? Anataka kujua kama leo anaweza kumweka mbele ya tanuri. Jibu lake ni maneno matatu hivi: anafaa, hafai kwa sasa, au anafaa kwa masharti haya. Ugonjwa wenyewe haumhusu. Mhasibu anauliza akaunti ya benki na siku za likizo zisizolipwa. Barua ya onyo haimsaidii kulipa mshahara. Ukishayajua maswali, faili linagawanyika lenyewe. Sehemu ya mishahara iko wazi kwa uhasibu, sehemu ya nidhamu kwa meneja wa wafanyakazi tu, na karatasi za daktari ziko kwenye bahasha iliyofungwa ambayo hata karani anaihifadhi bila kuifungua.

Lililowashangaza makarani ni orodha ya taarifa nyeti. Walidhani ni magonjwa tu. Sheria ya Kenya inahesabu humo pia hali ya ndoa, mali ya mtu, na habari za familia pamoja na majina ya watoto, wazazi na mwenzi wake. Kwa hiyo ile fomu ya jamaa wa karibu, iliyokuwa ukurasa wa kwanza wa kila faili ili ionekane upesi ajali ikitokea, ni nyeti sawa na cheti cha daktari. Kila aliyefungua faili kutafuta siku za likizo alipita juu ya majina ya watoto wa mwenzake. Tuliihamisha kwenye bahasha, na juu ya jalada tukaandika namba moja ya simu ya dharura isiyo na jina wala uhusiano.

Kutazama, kuchukua na kunakili tuliviandika kama ruhusa tatu tofauti, maana wengi wanaoruhusiwa kutazama hawana haja ya kuondoka na faili. Anayeondoka nalo anaacha kadi yenye saini mahali lilipokuwa, mkurugenzi akiwemo. Siku ya pili mkurugenzi alimtuma dereva. Bi Mkubwa akamrudisha, kwa upole, na salamu kwamba faili linamsubiri mwenyewe.

Watu wa nje walikuwa wengi kuliko tulivyodhani. Benki hupiga simu kuuliza kama mtu yuko kazini. Mke huja kuuliza mshahara. Askari huja na jina kwenye kikaratasi. Tulijaribu kuandika kanuni kwa kila mmoja, tukafika 14 na bado hazikutosha, mpaka kijana mdogo wa masijala akasema jambo ambalo mimi na wakili tulikuwa tumelizunguka: "Sisi hatujibu mtu wa nje. Tunapokea tu." Ikawa hivyo. Karani hakatai wala hatoi, anapokea ombi kwa maandishi, anaandika tarehe, anampelekea afisa wa ulinzi wa data. Hata kusema "ndiyo, yuko kazini hapa" ni kutoa. Askari naye haambiwi hapana. Anaambiwa barua yake itafika kwa nani, na inafikishwa saa hiyohiyo.

Mfanyakazi anayeulizia faili lake mwenyewe hahesabiwi kuwa mtu wa nje. Ana haki ya kupata taarifa zake, na kanuni za 2021 zinampa mwajiri siku 7 kuzitoa, bila malipo. Akiona kosa, ombi la kusahihisha lina siku 14. Siku hizo zinahesabiwa tangu ombi lilipopokelewa, ndiyo maana kitendo kikubwa kuliko vyote kwa karani ni kugonga muhuri wa tarehe. Ombi likilala siku 5 kwenye trei, afisa anabakiwa na 2 za kutafuta karatasi na kufunika majina ya watu wengine, kama vile mashahidi wa kesi ya nidhamu.

Saa nyingine inayokimbia ni ya faili lililopotea au kuonwa na asiyestahili. Pale ambapo kuna hatari halisi ya mtu kudhurika, Kamishna wa Ulinzi wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu kampuni ilipojua, na Jumapili imo. Karani hapewi kazi ya kupima hatari. Anatoa taarifa siku hiyohiyo, hata kama anaamini faili litaonekana kesho. Hapa ndipo kadi ilipohitaji saini ya mkurugenzi chini ya ahadi moja: anayetoa taarifa ya faili alilolipoteza mwenyewe hatapewa onyo kwa kuitoa. Bila ahadi hiyo, mafaili yote yangekuwa "yataonekana kesho".

Kadi ikaisha, pande mbili za karatasi ngumu. Mstari wa mwokaji wetu ulisomeka hivi: *Mkataba na maelezo ya ajira. Hesabu tangu 31 Desemba ya mwaka alioacha kazi. Miaka 5. Tazama kama kuna SIMAMISHA. Andika kadi nyembamba. Kata. Saini mbili.* Tuliijaribu kwa kumpa yule kijana mafaili 10 na kadi, nikakaa pembeni kimya. Kila alipoinua kichwa kutaka kuuliza, niliandika alama, kwa kuwa kosa lilikuwa la kadi. Alama zilikuwa 9. Tano zilikuwa ni siku ya kuanzia: mtu aliyekufa kazini, mtu aliyeacha akaajiriwa tena, kibarua asiye na siku ya mwisho, mkataba uliokwisha bila barua, na mmoja aliyetoroka. Tukarekebisha, tukampa mengine 10. Alama 2. Kulikuwa pia na sanduku lililoandikwa MBALIMBALI ambalo hakuna kadi itakayoliweza. Hilo hufunguliwa na mtu mwenye mamlaka, karatasi moja baada ya nyingine, na mpaka naondoka lilikuwa bado limefungwa.

Ombi la kwanza kabisa chini ya kadi mpya lililetwa na Bi Mkubwa mwenyewe. Alitaka kuona faili lake, la miaka 19. Afisa alimletea siku ya tatu. Akalipekua polepole, miwani puani, mpaka kwenye bahasha ya jamaa wa karibu, akakuta jina la mwanamume waliyeachana naye mwaka 2009.

"Ningeangukiwa na rafu la mafaili hapa, huyu ndiye mngempigia," akasema.

Akachukua fomu ya kusahihisha, akaijaza, akavuta muhuri wa tarehe kutoka kwenye droo yake, akaugonga juu ya ombi lake mwenyewe, kisha akageukia kalenda ya ukutani na kuhesabu kwa kidole siku 14.